Uji, Maziwa na Mkate: Tuhesabu Wanga Kabla ya Kula

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo, Chanji, Sumbawanga)



Sisi tunaozungumza nanyi leo ni watu wa nyumba moja hapa Chanji. Mama yetu ana ugonjwa wa kisukari. Hatukuja kueleza ugonjwa mzima, maana hiyo ni kazi ya waganga. Tumekuja kueleza jambo moja tu, nalo ni chakula cha asubuhi. Tutaeleza jinsi ya kuhesabu wanga ulio katika uji, maziwa na mkate. Hesabu zenyewe ni zile zile tulizojifunza darasani: kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Chukueni kalamu na daftari, tuandike pamoja.

MAMA ALIACHA SUKARI, LAKINI SUKARI HAIKUSHUKA

Mama alipoambiwa ana kisukari, siku ile ile aliacha sukari ya kwenye kikombe. Chai alikunywa kavu. Uji alikunywa bila kutia kitu. Halafu jirani mmoja akamwambia, "Dada, acha uji wa mahindi, kunywa wa ulezi. Ulezi hauna sukari." Mama akabadilisha unga. Sisi wote tukafurahi, tukasema mambo yamekwisha.

Kumbe hayajakwisha. Kila alipopimwa damu saa mbili baada ya kula, kipimo kilisoma 15, mara 16. Mama akasikitika sana. Akasema, "Sasa niache nini tena? Sukari silambi hata kidogo!"

Ndipo kliniki walipomwuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza: "Mama, asubuhi unakula nini, na kiasi gani?" Mama akajibu, "Nakula uji, maziwa na mkate." Wakamwuliza tena, "Kiasi gani?" Hapo mama akanyamaza. Hakujua. Na sisi tuliompikia hatukujua.

WANGA NI NINI?

Wanga ni ile sehemu ya chakula ambayo tumboni huvunjwa-vunjwa ikawa sukari, kisha ikaingia katika damu. Unga wa mahindi una wanga. Ulezi, ngano, mchele, viazi na mihogo pia vina wanga. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, hata kama hukutia sukari. Nyama, mayai na mafuta havina wanga wa kuhesabu.

Kwa mtu mwenye kisukari, damu haitazami kama sukari ilitoka dukani au ilitoka shambani. Inapokea tu kiasi kilichoingia. Kwa hiyo mama alikuwa amefunga dirisha la sukari ya kikombe, lakini mlango wa uji na mkate ulikuwa wazi kabisa.

Na habari ya ulezi je? Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Amerika walitoa kitabu cha majedwali ya vyakula vya Tanzania. Majedwali ya namna hiyo huonyesha kila chakula kina wanga kiasi gani. Ukilinganisha unga wa ulezi na unga wa mahindi, wanga wake unakaribiana sana. Ulezi una makapi mengi zaidi, na hilo ni jema, lakini nao lazima uhesabiwe. Yule jirani alitaka kusaidia, ila alikosea.

VIPIMO VINNE VYA KUKUMBUKA

Kliniki walimwambia mama kwamba asubuhi ale wanga wa gramu 45. Hicho ni kiasi chake yeye, kwa mwili wake na dawa zake. Mtu mwingine anaweza kupewa 30 au 60. Msichukue cha mama, kaulizeni chenu.

Ili tusichoke na hesabu, walitufundisha kuhesabu kwa mafungu. Fungu moja ni gramu 15 za wanga. Basi mama ana mafungu matatu asubuhi. Sasa andikeni:

Unga. Katika kila gramu 100 za unga wa uji, wanga ni kama gramu 75, yaani robo tatu.

Maziwa. Katika kila mililita 100 za maziwa ya ng'ombe, wanga ni kama gramu 5. Mtindi hesabu hivyo hivyo. Kuganda hakuondoi sukari yote ya maziwa.

Mkate. Nusu ya uzito wa mkate ni wanga. Mkate wa gramu 500 una wanga kama gramu 250. Mkate wa gramu 400 una kama gramu 200.

Sukari. Yote ni wanga. Kijiko cha chai kilichojaa kiasi ni gramu 5. Kwa hiyo vijiko vitatu vya sukari ni fungu moja.

Hizi ni hesabu za makisio. Kupungua au kuzidi gramu mbili tatu si kosa. Kosa ni kutokuhesabu kabisa.

KUPIMA BILA MIZANI

Mtasema, "Gramu tutazipata wapi, nasi mizani hatuna?" Hata sisi hatuna. Tulifanya hivi.

Tulinunua unga robo kilo dukani, tukamwomba mwenye duka aupime vizuri. Robo kilo ni gramu 250. Nyumbani tukachukua kijiko kimoja kikubwa cha chakula, tukachota unga ule na kuhesabu. Tulichota kwa namna moja kila mara, kijiko kikijaa kidogo bila kufanya mlima. Tukapata vijiko 25. Gawanya 250 kwa 25, unapata 10. Basi kijiko chetu huchukua gramu 10 za unga. Robo tatu ya 10 ni 7 na nusu. Kwa hiyo vijiko viwili vya unga ni gramu 15 za wanga, yaani fungu moja kamili.

Kijiko chenu kinaweza kuwa kikubwa kuliko chetu au kidogo. Pimeni chenu wenyewe. Halafu kijiko hicho kitieni alama, kisichanganywe na vingine.

Kikombe tulikipima kwa chupa ya maji ya nusu lita. Tulijaza chupa, tukamimina katika kikombe cha mama. Maji yakajaza vikombe viwili sawasawa. Nusu lita ni mililita 500, basi kikombe kimoja ni mililita 250. Kikombe hicho kikijaa maziwa, wanga wake ni gramu 12 na nusu.

HESABU YA SUFURIA

Sasa tuje kwenye uji. Uji ni mgumu kidogo kuhesabu, kwa sababu unapikwa katika sufuria moja kwa watu wote. Huwezi kuutazama kikombeni ukajua una unga kiasi gani. Lazima uhesabu kabla haujaingia motoni.

Sisi tulipika kama kawaida yetu, lakini safari hii kwa kuandika. Unga ulikuwa vijiko 20. Kila kijiko ni gramu 10, kwa hiyo unga ni gramu 200. Robo tatu yake ni 150. Tukaandika: wanga wa unga, 150.

Katika sufuria tulitia pia maziwa nusu lita. Mililita 500 za maziwa zina wanga gramu 25. Jumlisha 150 na 25, unapata 175. Huo ndio wanga wa sufuria nzima. Maji hayana wanga, usiyahesabu.

Uji ulipoiva, tuliupima kwa kikombe kile kile. Ukawa vikombe 10. Gawanya 175 kwa 10, unapata 17 na nusu. Basi kikombe kimoja cha uji wetu kina wanga gramu 17 na nusu.

Sasa tukahesabu chakula ambacho mama alikuwa akila kila siku, bila kujua:

Uji vikombe 2: gramu 35.
Maziwa kikombe 1: gramu 12 na nusu.
Mkate vipande 2: gramu 50.
Jumla: gramu 97 na nusu.

Mtauliza ile 50 ya mkate imetoka wapi. Mkate wetu ulikuwa wa gramu 500, na tuliukata kwa kisu vipande 10. Wanga wa mkate mzima ni 250. Gawanya kwa 10, kila kipande ni 25. Vipande viwili ni 50. Asubuhi za Ufipa ni baridi, hasa mwezi wa sita na wa saba, na kila mtu hupenda kipande kinene.

Mama alipoona jumla alishika kichwa. Aliruhusiwa 45, yeye alikula zaidi ya mara mbili. Tukagawanya 97 na nusu kwa 5, tukapata 19 na nusu. Yaani mama aliyejisifu halambi sukari alikuwa akiingiza wanga sawa na vijiko 19 na nusu vya sukari kila asubuhi. Hapo hatukuhitaji mtu wa kutueleza kwa nini kipimo kilisoma 15.

MAMA ALIVYOKOSEA UPANDE WA PILI

Ndugu zetu, sehemu hii tunaomba muisikilize sana, maana hapa ndipo tulipokaribia kumpoteza mama.

Kesho yake mama aliamka mapema. Alijichoma sindano yake ya insulini kama kawaida. Insulini yake ni ile ya mchanganyiko, anayochoma asubuhi na jioni, kipimo kile kile kila siku. Kisha akasema, "Kama uji na mkate ndivyo vinavyoniua, leo sili." Akanywa chai kavu tu, akachukua jembe, akaenda shambani.

Saa nne tulimwona ameketi kwenye tuta. Jasho linamtoka na huku ni baridi. Mikono inatetemeka. Tukimwuliza jambo, anajibu jingine. Jirani mmoja akadhani ni malaria.

Haikuwa malaria. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Insulini kazi yake ni kuondoa sukari katika damu na kuipeleka mwilini. Haijui kama umekula au hukula. Ukiichoma bila kula, itaondoa hata ile kidogo iliyopo. Na jembe nalo hutumia sukari. Mambo mawili yalikutana.

Kwa bahati mama alikuwa bado ana uwezo wa kumeza. Tulikoroga vijiko vitatu vya sukari katika maji, akanywa. Hilo ni fungu moja, gramu 15. Tukangoja robo saa. Alikuwa bado anatetemeka, tukampa vijiko vitatu vingine. Akarudiwa na akili zake. Ndipo tukampa uji akala. Mgonjwa akizimia, msimmiminie kitu kinywani, maana kitaingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu, mumkimbize hospitali.

Tangu siku ile tulielewa kwamba kuhesabu wanga si kula kidogo iwezekanavyo. Kuhesabu ni kula kiasi kinacholingana na dawa. Kwa mtu anayechoma kipimo kile kile kila asubuhi, maana yake ni kwamba wanga wake nao uwe ule ule kila asubuhi. Usizidi leo, usipungue kesho. Hata wanaotumia vidonge wajihadhari, maana baadhi ya vidonge, kama glibenklamaidi, navyo huweza kushusha sukari mno mtu asipokula.

Wako wagonjwa wengine wanaotumia insulini ya haraka wakati wa kula. Hao daktari huwapa hesabu yao, kwa mfano yuniti moja kwa kila gramu 15 za wanga. Mtu wa namna hiyo akila gramu 45 atachoma yuniti tatu. Lakini hesabu hiyo ni ya kupewa na daktari. Mama yetu hana insulini ya namna hiyo, wala haongezi yuniti kwa sababu ameona mkate mtamu.

CHAKULA KIPYA CHA MAMA

Baada ya hapo tulikaa chini tukapanga. Mama hakutaka kuacha uji, wala maziwa, wala mkate. Tukamwambia, "Huachi hata kimoja." Tukaandika:

Uji kikombe 1: gramu 17 na nusu.
Maziwa kikombe 1: gramu 12 na nusu.
Mkate kipande 1 chembamba: gramu 15.
Jumla: gramu 45.

Mkate ni ule ule wa gramu 500, lakini sasa tunaukata vipande 16 badala ya 10. Gawanya 250 kwa 16, unapata 15 na kitu kidogo. Ukinunua mkate uliokwisha katwa, hesabu vipande vyote kwanza, halafu gawanya. Uzito umeandikwa kwenye mfuko. Kama hakuna mkate siku hiyo, mama anakunywa karibu vikombe viwili vya uji badala ya kimoja, ili zile 15 za mkate zisipotee.

Njaa je? Siku za kwanza alilalamika. Tukamwongezea yai la kuchemsha, au karanga kidogo. Hivi hukaa tumboni, na havipandishi sukari sana.

Watoto walitaka uji wenye sukari kama zamani. Tulikubaliana kwamba sukari haiingii katika sufuria. Anayetaka atie katika kikombe chake mwenyewe. Hivyo sufuria inabaki moja, na hesabu ya mama haiharibiki.

Tulipompima saa mbili baada ya chakula hiki kipya, kipimo kilisoma 9. Kliniki wanataka kabla ya kula kiwe kati ya 4 na 7, na saa mbili baada ya kula kiwe chini ya 10. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze.

HESABU IKIGOMA

Msidhani kila siku kipimo kilisoma 9. Asubuhi moja kilisoma 13, na chakula ni kile kile. Tukatafuta kosa. Tulianza na sufuria. Aliyepika siku ile aliacha uji ukachemka sana, maji yakapungua. Tulipata vikombe 8 badala ya 10. Wanga wa sufuria ni ule ule 175. Gawanya kwa 8, unapata karibu 22. Kwa hiyo kikombe cha mama kilizidi kwa gramu nne na nusu. Tena aliongezewa nusu kikombe kwa sababu wageni walikuja, akaona haya kukataa. Nusu hiyo ni gramu 11. Jumla alizidisha 15 na ushee, fungu zima.

Tangu hapo, kila uji ukiiva tunapima vikombe kabla ya kugawa. Ukipungua tunaongeza maji ya moto mpaka ufike vikombe 10.

Siku nyingine hesabu ilikuwa sawa kabisa, lakini kipimo kilipanda. Siku hiyo mama alikuwa na homa. Ugonjwa hupandisha sukari hata kama hukuongeza chakula. Na siku za kulima hushuka kuliko kawaida. Basi hesabu ya wanga inakueleza kilichoingia kinywani tu. Yaliyobaki utayajua kwa kupima damu.

Kwa hiyo tuna daftari. Kila siku tunaandika tarehe, alichokula, gramu, kipimo cha kabla na kipimo cha baada, na neno moja kama "shamba" au "homa". Vijiti vya kupimia ni ghali, hatupimi kila siku. Tunapima siku mbili kwa wiki, na daftari tunalipeleka kliniki. Mganga akilitazama anajua kama atabadilisha dawa au tutabadilisha chakula.

JIPIMENI

Kabla hatujaachana, tunawaachia maswali mawili. Fanyeni katika daftari, halafu tazameni majibu.

La kwanza. Sufuria ina vijiko 16 vya unga, kila kijiko gramu 10, bila maziwa. Uji umekuwa vikombe 8. Kikombe kimoja kina wanga gramu ngapi?

La pili. Mkate wa gramu 400 umekatwa vipande 10. Mtu amekula vipande viwili na kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250. Amekula wanga kiasi gani?

Jibu la kwanza: unga ni gramu 160, wanga wake ni 120. Gawanya kwa 8, ni gramu 15. Jibu la pili: kila kipande ni gramu 20, viwili ni 40. Ongeza 12 na nusu ya maziwa, jumla ni gramu 52 na nusu. Mama yetu akila hivyo, atakuwa amezidisha nusu fungu.

Mama mwenyewe yupo hapa amekaa nyuma. Kalamu ya daftari lile sasa anaishika yeye. Sisi tunapika tu, naye anatusomea vijiko.